Simu moja, laini moja, watu wanne: namna ya kutenga profaili ili meseji za pesa zibaki kwa mwenyewe

Wifi yangu anakaa Nkuhungu, hapa Dodoma, na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 17. Kila Jumamosi kila mwanachama anamtumia shilingi 20,000 kwa M-Pesa, kwa hiyo kufika jioni laini yake inakuwa imepokea 340,000. Simu hiyo hiyo ndiyo ya nyumba nzima. Kijana wake wa kidato cha 2 anaisomea, mama yetu anaitumia kuwapigia ndugu walioko Kongwa, na jirani akiishiwa vocha anaomba apige mara moja.

Jumamosi moja jirani aliiomba apige. Akiwa bado anatafuta namba, meseji ikashuka juu ya skrini, naye akaisoma: kiasi kilichoingia, jina la aliyetuma na salio jipya. Hakuchukua hata senti. Lakini kufika Jumatatu watu 3 walikuwa wameshapita kwa wifi kuomba awakopeshe, na kila mmoja aliondoka akiamini amenyimwa. Hela ile si ya wifi, ni ya kikoba, ila ukishaonekana una salio la laki kadhaa maelezo hayasaidii tena.

Akaniletea simu kibandani kwangu karibu na soko la Majengo, akasema, "Wifi, nifichie meseji, lakini mtoto asikose kusoma na mama asikose kupiga." Ombi lake lina sehemu 3 na kila sehemu ina jibu lake. Nitaeleza nilivyofanya kwa mpangilio niliofuata, kwa sababu ukitanguliza hatua ya mwisho ile ya kwanza inaweza isifanye kazi.

Profaili inatenga nini, na nini haitengi

Android inaruhusu watu kadhaa kutumia simu moja, kila mmoja na eneo lake, na eneo hilo ndilo profaili. Kwenye tableti uwezo huu ulianza na Android 4.2, na kwenye simu ulikuja na Android 5.0 mwaka 2014. Mwenye simu ndiye mtumiaji mkuu. Anaweza kuongeza watumiaji wengine, na pia kuna nafasi moja ya mgeni. Kila mmoja ana programu zake, picha zake, WhatsApp yake, akaunti yake ya Google na namba yake ya kufungulia skrini. Wewe mwenye simu unaweza kufuta eneo la mtumiaji mwingine, ila huwezi kuingia ukasoma vilivyomo bila namba yake. Naye hawezi kusoma vya kwako.

Sasa shika hili kabla hujagusa kitu. Profaili inatenga programu, haitengi laini. Kadi ya simu ni moja, meseji zake zinahifadhiwa mahali pamoja, na kinachoamua nani azione ni kitufe kimoja tu kilichomo ndani ya mipangilio ya kila mtumiaji. Nimeletewa simu nyingi ambazo mtu amejisumbua kutengeneza profaili nzuri kabisa, halafu akawasha kitufe hicho kwa sababu alitaka mtoto aweze kupiga. Hapo mtoto anafungua Messages kwenye eneo lake na kukuta meseji zote za pesa za mama yake.

Kwanza, hakikisha simu yako ina uwezo huu

Fungua "Settings", nenda "System", tafuta "Multiple users". Usipopaona, andika neno "users" kwenye sehemu ya kutafutia juu ya mipangilio. Kama simu imewekwa Kiswahili utakutana na maneno ya Kiswahili mahali pale pale. Mimi naandika ya Kiingereza kwa kuwa simu nyingi zinazopita mikononi mwangu zimewekwa hivyo.

Simu ya wifi ni Nokia yenye Android 13, na uwezo ulikuwepo. Pixel na Motorola pia zinao. Kwa Tecno, Infinix na itel usichukulie kwamba upo au haupo, kwa sababu inategemea toleo, kwa hiyo fungua uangalie. Simu ndogo zenye Android ya Go mara nyingi hazina, maana RAM yake haitoshi kubeba watu wawili. Samsung wameuweka kwenye tableti, ila kwenye simu zao nyingi haumo. Badala yake utakuta "Secure Folder", ambayo ni kabati zuri la picha na programu lakini haifichi meseji zinazoingia kwa laini. Xiaomi wana "Second space", eneo la pili ndani ya simu hiyo hiyo. Kama simu yako ni ya kundi la wasio na uwezo huu, kuna sehemu yako kuelekea mwisho.

Angalia pia nafasi iliyobaki. Eneo jipya linakula nafasi halisi, maana WhatsApp ya mtoto na video zake zinahifadhiwa kwenye kumbukumbu hiyo hiyo. Simu ya wifi ilikuwa imebakiwa na GB 9, nikaona inatosha. Ingekuwa GB 2 ningemwambia asafishe kwanza.

Kisha, safisha eneo la mwenye simu

Hatua hii watu wengi wanairuka. Wanaharakia kuongeza profaili wakati mlango wa profaili ya mwenye simu uko wazi.

Nilimuuliza wifi anafungua simu kwa kitu gani. Akasema, "Kwa kidole, na namba ninaijua mimi peke yangu." Nikaingia sehemu ya usalama, kwenye orodha ya alama za vidole, nikakuta vidole 4. Nikamwambia aweke kidole chake tuone kipi kitawaka kwenye orodha. Viwili vilikuwa vyake. Viwili vingine vilikuwa vya kijana, ambaye mwaka jana aliombwa "aiweke sawa simu" na akajisajili humo. Hakuwa na nia mbaya, ila kwa vidole vile hata tungeongeza profaili 10 yeye angeendelea kuingia kwa mama yake moja kwa moja. Tena programu ya M-Pesa ya wifi ilikuwa imeruhusiwa kufunguka kwa kidole, na programu haiulizi kidole ni cha nani. Kikishasajiliwa kwenye eneo lile, kinakubalika.

Kwa hiyo futa vidole vyote usivyovijua. Kama huna uhakika futa vyote, usajili upya vyako tu. Halafu badilisha namba ya kufungulia skrini, kwa sababu aliyeweza kusajili kidole lazima aliijua ile ya zamani: simu huidai kabla ya kukubali kidole kipya. Weka tarakimu 6, na zisifanane na namba ya siri ya M-Pesa. Wifi alikuwa ametumia mwaka wake wa kuzaliwa kwa vyote viwili. Nilimwomba abadilishe na ya M-Pesa siku ile ile, akaibadilisha hapo hapo kibandani akiwa amenigeuzia mgongo, na ndivyo inavyotakiwa.

Namba mpya ya skrini usiisahau. Ukiisahau ya mtumiaji mkuu, njia inayobaki kwa kawaida ni kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, na hapo maeneo ya watumiaji wote yanafutika, pamoja na masomo ya mtoto.

Mwisho wa usafi ni skrini iliyofungwa. Nenda "Notifications", tafuta sehemu ya taarifa za kwenye skrini iliyofungwa, uzime maandishi ya siri yasionekane. Meseji ikiingia simu itasema tu kwamba kuna ujumbe, bila kuonyesha kiasi wala salio. Hii inasaidia simu ikiwa mezani imejifunga. Haimzuii jirani aliyeishika ikiwa imefunguliwa. Huyo dawa yake ni profaili ya mgeni.

Eneo la kijana: mtumiaji wa pili, bila kupiga wala meseji

Rudi "Multiple users". Washa kitufe cha juu kinachoruhusu watumiaji wengi. Gusa "Add user", soma onyo, kubali, andika jina. Simu itauliza kama unataka kumwandaa sasa hivi. Chagua "Not now", kwa sababu kabla kijana hajakabidhiwa simu inabidi uangalie vitufe vyake.

Gusa jina lake kwenye orodha. Utaona "Turn on phone calls & SMS". Kiache kimezimwa. Ukijaribu kukiwasha, simu yenyewe inakuonya kwamba rekodi ya simu na meseji itashirikiwa na mtumiaji huyo. Maana yake ni pamoja na zile za zamani. Kwenye Android 14 na kuendelea unaweza pia kukuta kitufe cha kumfanya awe msimamizi. Nacho kiache, kwa sababu msimamizi anaweza kuongeza na kufuta watumiaji.

Kwenye ukurasa wa "Multiple users" wenyewe kuna kitufe "Add users from lock screen". Kizime, ili mtu aliyeokota simu mezani asijiongeze mwenyewe.

Sasa hamia kwa kijana. Vuta pazia la juu mara mbili, gusa alama ndogo ya mtu, chagua jina lake. Simu itamwandaa kama simu mpya. Mara ya kwanza inachukua dakika kadhaa na inaweza kuwa nzito, kwa hiyo usiizime katikati.

Itaomba akaunti ya Google, na hapa kuna kosa ambalo linavuruga kazi yote. Usiingize akaunti ya mama. Ukiiingiza, picha za mama zilizohifadhiwa kwenye akaunti, barua pepe zake, na nywila alizoziweka kwenye Chrome zinaweza kumfuata kijana kwenye eneo lake. Utakuwa umejenga ukuta halafu umetoboa mlango. Kijana anatakiwa awe na akaunti yake. Kuitengeneza kunaweza kudai tarakimu zinazotumwa kwa meseji, na kama umejaza namba ya laini iliyomo ndani ya simu hiyo, meseji itafikia kwa mama, si kwa kijana. Unaweza kurudi kwa mama ukaisoma, lakini simu yenye RAM ndogo ikizidiwa huzima eneo lililoachwa nyuma, ukirudi unaanza upya. Sisi tulijaza namba ya baba yake, tukasubiri asome tarakimu kutoka kwenye simu yake. Tulimaliza kwa mara moja.

Kijana akishaingia, aweke namba yake ya skrini na kidole chake humu. Kidole alichosajili kwenye eneo lake kinafungua eneo lake tu.

Anachoweza na asichoweza

Kijana hawezi kupiga, isipokuwa simu za dharura, wala kutuma au kusoma meseji. Lakini simu zinazoingia anaweza kuzipokea, na hili limewekwa makusudi, wanaompigia mama wasikose kumpata. Usishangae namba ikitokea bila jina. Majina yako kwenye eneo la mama. Wifi na kijana walikubaliana kwamba simu ikiita akiwa anasoma, anaipokea, anasema "Subiri nimpelekee mama," basi.

Kupokea simu huku kuna uwazi mmoja ambao nataka uuzibe. WhatsApp ikishindwa kuthibitisha namba kwa meseji, inaweza kupiga simu na kusoma tarakimu kwa sauti. Mtu aliye kwenye eneo la pili anaweza kuweka namba ya mwenye simu kwenye WhatsApp mpya, akaomba apigiwe, akasikiliza tarakimu, na WhatsApp ya mama ikahamia kwake, pamoja na kundi la kikoba. Dawa yake ni uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye WhatsApp ya mama ingia "Settings", "Account", "Two-step verification", uweke tarakimu 6. Kuanzia hapo tarakimu za kusomewa peke yake hazitoshi.

Jambo jingine ni kuchelewa kwa taarifa. Kijana akiwa anasoma, meseji za M-Pesa zinaingia kwa mama kimya kimya na mama hazioni mpaka arudi kwenye eneo lake. Kwa mweka hazina hili si dogo. Jumamosi wakati wa michango wifi hampi kijana simu mpaka watu 17 wawe wametimia. Ni kanuni ya nyumbani tu, hakuna kitufe chake.

Wi-Fi ni ya wote. Nywila ya mtandao aliyoingiza mmoja inafanya kazi kwa wengine pia. Bando la laini nalo ni moja, kwa hiyo video za kijana zinakula bando la mama kama kawaida.

Mama yetu na jirani: nafasi ya mgeni

Mama anataka kitu kimoja tu, kupiga. Ukimpa profaili ya pili yenye kitufe cha simu na SMS, umempa na meseji zote. Mgeni ni tofauti. Kwenye "Multiple users" gusa mgeni, utaona "Turn on phone calls". Angalia kwamba hakuna neno SMS hapo. Mgeni anaweza kuruhusiwa kupiga bila kufunguliwa meseji, na ndiyo maana nafasi hii inawafaa mama na jirani.

Bei yake ni kwamba rekodi ya simu zilizopigwa na kupokelewa inashirikiwa. Mgeni ataona namba zilizompigia mwenye simu. Wifi alifikiri kidogo akasema namba zionekane, salio lisionekane. Kama kwako hata namba ni siri, usiwashe, na mgeni akihitaji kupiga mpigie wewe mwenyewe halafu umkabidhi.

Mgeni hana majina. Mama hakumbuki namba kichwani, na hata ukimwandikia kwenye eneo la mgeni zitafutika. Tuliandika namba 2 za Kongwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, tukaikunja ndani ya kava la simu ambalo ni la kuona hadi ndani. Mama anageuza simu, anasoma, anabonyeza.

Kufutika huko kuna namna yake. Kwenye Android 13 kuna kitufe "Delete guest activity". Kiwashe, na kila mgeni akitoka alichokifanya kinafutwa. Kikiwa kimezimwa, au kwenye matoleo ya zamani, mgeni anayefuata anaweza kuulizwa kama anataka kuendelea alipoishia mwenzake. Jirani aliyeingia Facebook kwenye simu yako naye ana siri zake, hivyo mwagize achague "Start over", au wewe mwenyewe mwondoe mgeni kila akimaliza.

Namna ya kukabidhi ni muhimu kuliko mipangilio yenyewe. Jirani akisema "Naomba nipige," wifi anavuta pazia, anagusa alama ya mtu, anachagua "Guest", ndipo anampa. Zoezi linachukua sekunde chache. Meseji ikiingia jirani akiwa kwa mgeni haishuki juu ya skrini.

Kupiga \*150\*00#

Aliyeruhusiwa kupiga mchukulie kama mtu anayeweza kubonyeza `*150*00#` ya M-Pesa, au `*150*01#` ya Mixx by Yas, au `*150*60#` ya Airtel Money. Menyu hizi ziko kwenye laini, si kwenye programu. Kuficha programu ya M-Pesa hakuzifichi. Kinachobaki kati ya mtu na pesa ni namba ya siri peke yake, na ndiyo maana niling'ang'ana wifi aache mwaka wake wa kuzaliwa. Mama yetu anaujua mwaka huo, mume anaujua, na hata shule ya mtoto inao kwenye fomu.

Laini inaweza pia kutolewa ikawekwa simu nyingine. Hapo profaili zote hazina kazi, na meseji mpya za pesa zitaingia huko. Kinga yake ni kufunga laini yenyewe kwa PIN ya kadi, kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya "SIM lock". Ukishaifunga, kila simu ikizimwa na kuwashwa, au laini ikihamishwa, itadai namba hiyo kwanza. Kabla ya kuigusa tafuta ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, kwa sababu ina PIN ya kuanzia na PUK. Ukikosea PIN mara 3 laini inadai PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa na utalazimika kuirudisha kwa mtandao wako ukiwa na kitambulisho. Wifi hakuwa na kadi hiyo. Sikubahatisha, nikamwambia aende kwanza kwenye duka la mtandao wake aulizie, ndipo tufunge.

Kama una kadi ya kumbukumbu ya nje, usiweke humo picha za daftari la kikoba wala za risiti. Inachomolewa na kusomwa kwenye simu yoyote.

Jaribu kabla ya kuamini

Usimalize kwa kuangalia vitufe. Jaribu kama mtu anayetaka kuona. Sisi tulifanya hivi. Nilihamia eneo la kijana, nikaiweka simu mezani skrini ikiwa inawaka, nikamtumia wifi shilingi 1,000 kutoka laini yangu. Tulisubiri. Simu yangu ikathibitisha muamala, ya kwake haikuonyesha kitu. Nikafungua Messages kwenye eneo la kijana, ikawa tupu. Nikajaribu kupiga `*150*00#`, ikakataa. Kisha nikampigia, simu ikaita na namba yangu ikatokea bila jina. Nikahamia kwa mgeni nikarudia: kupiga kulikubali, meseji hazikuonekana. Mwisho nikarudi kwa wifi kwa namba yake mpya, na meseji ya shilingi 1,000 ilikuwa inamsubiri.

Ukikuta meseji ndani ya eneo la mtu ambaye kitufe chake kimezimwa, uliza kama kiliwahi kuwashwa. Programu ya Messages hutunza nakala kwa ajili yake, na kuzima kitufe si sawa na kufuta kilichokwisha kunakiliwa. Ingia mipangilio ya programu hiyo kwenye eneo hilo hilo, futa data yake, ufungue tena uangalie. Zikibaki, futa mtumiaji mzima umwandae upya. Kufuta mtumiaji kunaondoa picha na masomo yake yote bila kurudi, kwa hiyo mwambie kwanza ahamishe vitu vyake.

Kagua pia meseji zisiwe zinasomeka nje ya simu. Kwenye Messages ya mwenye simu gusa picha ya akaunti, tafuta "Device pairing", uone kama kuna kompyuta iliyounganishwa. Kwenye WhatsApp angalia "Linked devices". Mtu aliyewahi kuunganisha kompyuta ya ofisini au ya internet kafe anaendelea kusoma huko hata simu ikiwa na profaili safi.

Kama simu yako haina watumiaji wengi

Hapa huwezi kupata utengano kamili, ila unaweza kupunguza. Tecno na Infinix nyingi zina kufuli la programu. Lifunge kwenye Messages, WhatsApp na M-Pesa, kwa namba tofauti na ya skrini. Halafu zima taarifa za kushuka juu ya skrini kwa programu hizo hizo. Bila hivyo kufuli halina maana, kwa sababu meseji inasomeka inaposhuka hata kama programu imefungwa. Unapompa mtu simu kwa jambo moja, tumia "App pinning" kwenye mipangilio ya usalama, na uchague idai namba kabla ya kubanduliwa. Anabaki ndani ya programu uliyombandikia. Ukimbandikia programu ya kupiga, kumbuka rekodi ya simu iko mbele yake, na `*150*00#` pia.

Android 15 imekuja na "Private Space" kwa simu zinazopewa toleo hilo. Ni kabati la siri ndani ya eneo la mwenye simu, linalofungwa kwa namba yake. Linafaa kwa programu ya benki unayoifungua mara moja moja. Halifai kwa kitu unachosubiri taarifa yake, maana likifungwa programu zilizomo zinasimama na hazikuletei taarifa. Na meseji za laini hazihamii humo.

Wiki 2 baadaye wifi alipita kibandani. Kijana alikuwa amelalamika kwamba akiunganishwa kwenye kundi la darasa kwa WhatsApp anahitaji namba. Tulimchukulia laini yake kwa kitambulisho cha baba yake, tukaiweka nafasi ya pili ya simu kwa muda wa kusajili tu, tukazisoma tarakimu kwenye eneo la mama, tukaziandika kwenye WhatsApp ya kijana, kisha tukaitoa laini. Inakaa ndani ya kava, pamoja na karatasi ya namba za Kongwa.